Kanzu ya bwana harusi ndo ilinilinganishia rangi

Nyie mnaosema "weka LUT moja klipu zote zitafanana", yaani lile faili la kubadilisha rangi za video kwa mkupuo, mnatupotezea muda jamani. Nilijaribu kwenye harusi moja ya Tanga. Kamera kubwa ilirekodi S-Log3, ile picha iliyopauka makusudi ili uje kuikoleza mwenyewe, ya pili Canon kwenye rangi zake za kawaida, na klipu zingine za simu ya mdogo wake bwana harusi aliyekaa chini ya taa za tyubu. Kamera kubwa ikatoka poa. Kwenye simu sasa, balaa, maana LUT ya S-Log3 inategemea picha iliyopauka, ikikuta picha ambayo simu ishaikoleza yenyewe inaongeza kontrasti juu ya kontrasti, ndevu za shehe zikawa shimo jeusi na uso wa bwana harusi machungwa matupu, mama akapita nyuma yangu akauliza, "Huyu mtoto wa watu ana manjano?"

Nikaifuta. LUT ikabaki kwa kamera kubwa tu, hizo zingine nikaanza kuzivuta kwa mkono zimfuate mkubwa.

Ujanja wenyewe ni kanzu, kwa sababu ipo kwenye kamera zote tatu. Ndani ya programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve (ya bure inatosha) nilikuza klipu kwa Zoom ya Inspector mpaka kanzu ikajaa fremu, nikafungua Parade, grafu inayoonyesha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Kwa kamera kubwa nyekundu ilikaa kama 780, kijani 760, bluu 700. Hapo wengi wanasawazisha zote tatu ati kanzu ni nyeupe, wakati ile ilikuwa ya maziwa! Ukiilazimisha iwe nyeupe, nyuso zinakuwa za baridi. Mi nilizipeleka rangi za simu kwenye namba zilezile, basi. Naanza na mwanga kwa Gain, halafu sehemu za giza, kofia na ndevu, kwa Lift, ndo nagusa Temp na Tint, maana tyubu zilileta ukijani. Ukianza na rangi, ukija kugusa mwanga unarudia kazi yote. Saturation ya simu niliishusha toka 50 hadi arobaini na kitu. Zoom rudisha usisahau.

Kingine, simu ilikuwa kwenye waiti balansi ya oto, kila akipita mtu mwenye baibui jeusi rangi inahama katikati ya klipu. Hapo nilikata klipu panapohama, kila kipande na marekebisho yake.

Za ukumbini usiku zilinishinda kihalali. Taa ya LED ya bluu usoni, nyekundu kwenye Parade imelala chini kabisa, hamna cha kuvuta, ukilazimisha unapata chenga tu. Nikazifanya nyeusi-nyeupe zote nikazipanga kwenye wimbo wa mwanzo. Mwenye harusi akaniuliza hiyo efekti inaitwaje, nikamwambia hiyo ni ya kulipia, akaniongezea elfu hamsini.