Mlango wa Kwanza, Mlango wa Tatu

Zilibaki siku 12 kabla ya onyesho mwongozaji aliponikabidhi kurasa tano. Mwenzangu aliyekuwa na sehemu ile ameugua. Sehemu yenyewe ni ya mama anayesimama mahakamani na kueleza usiku ambao mwanawe alipotea. Anasema peke yake mpaka mwisho, hakuna mwigizaji mwingine wa kumdokeza.

Siku nne za mwanzo nilihifadhi kwa njia niliyoizoea: nasoma, nafunika karatasi, nasema. Ukurasa wa kwanza ukakaa barabara, lakini wa tatu ukawa unaniponyoka. Kila nikikwama narudi mwanzo, hivyo mwanzo niliurudia mara nyingi mno na mwisho mara chache tu. Tena mama yule anasema "Nilifungua mlango" mahali patatu. Nilikuwa naingilia mlango wa kwanza natokea wa tatu, kurasa mbili zimerukwa na wala sijui.

Mwigizaji mmoja mkongwe katika kundi letu alinisikiliza mpaka mwisho. "Mdogo wangu," akaniambia, "umeyafunga maneno kamba moja. Ikikatika, yote yanamwagika. Nipe nyumba unayoweza kuitembea gizani."

Nikampa nyumba niliyokulia. Nilifumba macho nikaipita: geti, ngazi, mlango wa mbele, rafu ya viatu, sebule, korido, vyumba, jiko, mlango wa nyuma, ua. Njia ni moja, na hairudi nyuma. Kisha tukaikata hotuba vipande 14, pale mawazo ya mama yanapogeuka, bila kujali idadi ya mistari. Kimoja kilikuwa na mistari mitatu, kingine tisa.

Kila kipande nikakiwekea picha mahali pake. Kinachoanza na "Sikulala" nilikiweka getini: kitanda kimesimamishwa wima, kimeziba njia, lazima nijipenyeze ubavu. Pale mama anapohesabu mashati ya mwanawe, nilivuta kamba ya nguo katikati ya sebule, mashati yanadondosha maji juu ya televisheni mpaka inatoa cheche. Mwanzoni niliyaacha mashati yaelee tu hewani, na kesho yake hayakuwepo. Nilipoyafanya yaloweshe kitu cha palepale, yalikaa. Ile milango mitatu ya maneno sasa ilikuwa sehemu tatu mbalimbali za nyumba, na kila mmoja una picha yake nyuma yake.

Kosa la kwanza lilitokea kwenye vyumba vya kulala. Viwili vilikuwa na milango inayofanana, na kipande cha tisa na cha kumi vikawa vinabadilishana nafasi. Nilikiondoa kimoja mlangoni nikakiweka kwenye dirisha lenye kioo kilichopasuka, na mchanganyiko ukaisha siku hiyohiyo.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Picha ilinipa wazo, haikunipa maneno. Mswada unasema "Nikazima taa," na hapo ndipo fundi wa taa anapozima jukwaa zima. Mimi nikasema "Nikaiweka nyumba gizani." Maana ni ileile, lakini fundi alibaki anasubiri, nami nimesimama kwenye mwanga mkali nikizungumzia giza. Kuna kitabu cha Kilatini, chenye zaidi ya miaka 2000, ambacho mwandishi wake hajulikani; tayari kilitenganisha picha za mambo na picha za maneno, kikasema hizi za pili ndizo ngumu. Kwa hiyo picha nikaiachia neno la kwanza tu la kila kipande. Yaliyofuata niliyahifadhi kwa mdomo, kwa sauti, kipande kimoja kimoja, neno kwa neno. Na kila kipande nilikisema hadi neno la mwisho huku tayari nikitazama mahali panapofuata, maana nyufa huwa kwenye viungo.

Mkongwe alinijaribu kwa kutaja mahali ovyoovyo. "Korido!" Naanza hapo. "Rafu ya viatu!" Naanza hapo. Siku ya kumi nilitembea kinyumenyume, kutoka uani hadi getini, na kila picha ilikuwepo.

Usiku wa onyesho, nilipokuwa natoka kipande cha kumi, kiti kilianguka ukumbini kwa kishindo. Kichwa kikawa cheupe. Neno linalofuata halipo, na nilijua nikilitafuta kwa nguvu halitakuja. Nikajiuliza tu: niko wapi? Nimetoka dirishani, penye kioo kilichopasuka. Nikapiga hatua moja mbele, jikoni. Kwenye sinki kuna balbu imezamishwa majini, inawaka, maji yanachemka kuizunguka.

"Nikazima taa," nikasema.

Jukwaa likawa giza. Nikasogea kuelekea mlango wa nyuma, vipande vitatu mkononi.