Nilivyokabiliana na mfumo unaonihesabia kila dakika kazini

Napokea simu za wateja katika kampuni moja hapa Nairobi. Nikishaingia kwenye mfumo asubuhi, kila hali ina kitufe chake: niko tayari, niko kwenye simu, naandika maelezo, niko mapumzikoni, niko chooni. Msimamizi huona jina langu likibadilika rangi kwenye skrini yake. Likiwa jekundu, ujumbe unaingia: "Uko wapi?"

Ilifika mahali nikawa sinywi maji zamu nzima ili nisiondoke kitini. Hata Jumapili nyumbani nilijikuta nikitazama saa. Kilichoniumiza zaidi ni alama ya kufuata ratiba. Lengo letu ni asilimia 95, nami nilikuwa nikishuka chini yake siku ambazo sikuchelewa wala kuzurura.

Nikaanza kuandika saa za kila kitu daftarini, na hapo nikaona tatizo. Chukua siku moja: mapumziko yangu yalikuwa saa nne hadi saa nne na nusu. Mteja ambaye pesa zake zilikuwa zimekwama alinipigia saa nne kasorobo, tukamalizana saa nne na robo. Mfumo ulihesabu dakika 15 niko nje ya ratiba, kwa sababu nilitakiwa niwe nimepumzika. Nikachukua nusu saa yangu, nikarudi saa tano kasorobo, nikahesabiwa dakika 15 nyingine. Jumla 30. Kwenye zamu ya dakika 480, alama ikashuka hadi 93.75 kwa sababu ya kumhudumia mtu mmoja vizuri.

Nilimwonyesha msimamizi daftari. "Madam, naomba uniangalizie hii." Akanieleza kwamba wapanga ratiba wanaweza kuyasogeza mapumziko kwenye mfumo, ila waambiwe kabla ripoti ya siku haijafungwa. Tangu hapo, simu ikinivusha muda, namtumia papo hapo saa iliyopangwa na saa halisi niliyotoka. Alama ilipanda bila mimi kumkatiza mteja yeyote.

Baadaye niliandikia kampuni barua ya heshima kuomba kuona taarifa zangu wanazozihifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inanipa haki hiyo, na kanuni za 2021 zinataka ombi lijibiwe ndani ya siku 7, bila malipo. Nilipata saa za vitufe, rekodi za simu na alama za ubora. Picha za kamera iliyo juu ya meza zetu haziingii kwenye alama. Miezi yote hiyo nilikuwa nikiiogopa kamera kuliko chochote.

Simu bado zinasikilizwa, na siambiwi mapema ni ipi. Dakika za choo nazo bado zinakatwa kwenye mapumziko. Hilo ndilo tunalojadiliana na msimamizi sasa. Ninachoomba ni zihesabiwe peke yake.