Siku moja maishani mwangu: embe bivu katika kliniki ya kisukari

Saa moja na nusu asubuhi

Nafika kabla ya wagonjwa kwa sababu leo nina kazi ya mezani. Mimi ni mtaalamu wa lishe katika kliniki ya kisukari, na miadi yangu ya kwanza ni ya mama mmoja mwenye kisukari cha aina ya pili, anayetumia metfomini peke yake. Nilimwomba aje bila kula, aje na kipima sukari chake cha nyumbani, daftari lake la vipimo, na embe bivu la aina ile ile anayoila kwake. Dawa yake ataimeza hapa pamoja na chakula. Mgonjwa wa insulini nisingemwambia afunge hivyo bila kwanza kuzungumza na daktari wake.

Naweka mezani mizani ndogo ya jikoni, kisu, sahani na kikombe cha kupimia. Mizani hii ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko maneno yangu. Ukimwambia mtu "kula kidogo", kila mmoja ana kidogo chake.

Saa mbili

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Embe nimelileta, lakini najua utaniambia niliache."

Ananifungulia daftari. Vipimo vya kabla ya kula ni vizuri, vingi kati ya milimoli 6 na 8 kwa lita. Kisha kuna mstari mmoja aliouzungushia duara jekundu: 15.2, saa mbili baada ya chakula cha jioni. Pembeni ameandika neno moja tu, "embe". Tangu siku hiyo amekuwa akilila kwa kujificha, na akilila hapimi.

Namuuliza siku hiyo alikula nini kingine. Wali, anasema, sahani ya kawaida. Namwomba anionyeshe kawaida yake kwa mikono, tunaipima kwa kikombe: ni vikombe viwili. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takribani gramu 45 za wanga, kwa hiyo sahani ile ilikuwa na gramu 90. Baada ya hapo akala embe zima kubwa. Nyama yake, ukitoa ganda na kokwa, inakaribia gramu 300, na kila gramu 100 za embe bivu zina kama gramu 15 za wanga. Embe lilileta gramu 45. Jumla ni 135 kwa mkao mmoja, na theluthi mbili za mzigo huo zilitoka kwenye wali ambao haukuandikwa daftarini.

Mama anaitazama hesabu kwa muda. "Kumbe wali haukusemwa."

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tunda tamu halina adabu mbaya kuliko wanga mwingine. Tatizo ni kwamba huliwa juu ya chakula kilichokwisha kujaza nafasi yote. Tunda lazima lichukue nafasi ya kitu, ama kipande cha mkate, ama viazi, ama sehemu ya wali. Likija kama nyongeza, sukari itapanda hata kama ni tunda lisilo tamu sana.

Saa mbili na nusu

Tunaandaa kifungua kinywa cha majaribio. Mayai mawili ya kuchemsha, mboga za majani, kipande kimoja cha mkate chenye kama gramu 15 za wanga, na chai bila sukari. Embe anamenya na kukata mwenyewe, kwa sababu nataka ajue kwa macho gramu 100 zikoje. Anapima mara mbili, anatoa vipande, anaongeza kimoja. Mwishowe ni vipande vinavyojaa nusu kikombe na kuzidi kidogo. Analinganisha na kilichobaki na kusema, "Si haba."

Namwambia apime sukari kabla ya kuanza. Anachukua kifaa, anajifuta kidole kwa pamba yenye spiriti, anajitoboa. Kioo kinasoma 13.6.

Anashtuka. Hajala chochote. Namwomba aende kwenye sinki, aoshe mikono kwa maji na sabuni, akauke vizuri, kisha apime tena kwa kidole kingine. Safari hii ni 7.4.

Maji ya embe yaliyobaki kwenye ngozi yana sukari, na tone la damu ni dogo mno. Sukari kidogo tu ya kidoleni huingia kwenye tone na kifaa huisoma kana kwamba imetoka mwilini. Kufuta kwa spiriti hakuiondoi vya kutosha. Maji ndiyo yanayoiondoa. Nikaona uso wa mama ukibadilika, maana embe kwake huliwa kwa mikono. Hatuwezi kujua sasa 15.2 ya jioni ile ilikuwa na ukweli kiasi gani. Kwa chakula kile huenda ilipanda kweli. Lakini kipimo cha mtu aliyetoka kumenya tunda bila kunawa hakifai kumbadilishia lishe, na kwa anayejidunga insulini ni hatari zaidi, kwa sababu anaweza kurekebisha kwa dozi sukari isiyokuwepo.

Sasa anakula. Namwongoza katika mpangilio pia: mboga na mayai kwanza, mkate baadaye, embe mwisho. Protini, mafuta na nyuzinyuzi zikitangulia, tumbo hutoa chakula polepole kuelekea kwenye utumbo, na sukari huingia kwenye damu kwa mwendo wa taratibu. Tunaandika saa ya tonge la kwanza, saa tatu kasorobo. Saa mbili za kusubiri huhesabiwa kuanzia hapo, si kuanzia alipomaliza.

Saa tatu na nusu

Mama anasubiri ukumbini, naingia na kijana anayetumia insulini. Yeye anapenda ndizi mbivu, tena zile zenye madoa meusi. Ndizi inapoiva, wanga wake mgumu hugeuka kuwa sukari. Jumla ya wanga haibadiliki sana, ila kasi ya kuingia kwenye damu huongezeka. Kwa hiyo ndizi iliyoiva tu, ya njano isiyo na madoa, huwa pole kuliko ile iliyolainika. Kiasi ninachompa ni nusu ya ndizi kubwa, au moja ndogo sana: nyama ya ndizi ikikaribia gramu 65, wanga ni 15.

Anaila na nini? "Na karanga, nimesikia zinaua sukari."

Hapo namsimamisha. Karanga haziui sukari. Wanga wa ndizi unabaki ule ule na utaingia wote. Karanga zinauchelewesha tu. Konzi moja, kama gramu 30, zisizo na chumvi wala sukari, inatosha. Mtindi usiotiwa sukari nao unafaa, ila una wanga wake kidogo wa kuhesabiwa. Kwa anayetumia insulini ya haraka kuchelewa huko kuna upande wa pili: mafuta yakiwa mengi, dawa inaweza kufika kileleni kabla ya chakula, sukari ikashuka kwanza halafu ikapanda baadaye. Ndiyo maana apime saa mbili baada ya kula, na siku chache za mwanzo apime tena baadaye kidogo.

Kingine alichozoea ni kula ndizi na karanga anapotetemeka kwa sukari kushuka. Hilo nalikataa kabisa. Sukari ikiwa chini ya 4 anahitaji kitu kisichochelewa: glasi ndogo ya juisi ya matunda, kama mililita 150, au vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji. Asubiri dakika 15, apime tena, na kama bado iko chini arudie. Ikishapanda ndipo ale ndizi na karanga zake. Juisi ninayowakataza wengine kila siku, kwa sababu imeondolewa nyuzinyuzi na hunyweka matunda kadhaa kwa mikupuo michache, kwake wakati huo ni dawa.

Saa tano kasorobo

Mama amenawa bila kuambiwa. Anapima. 9.3.

Kutoka 7.4 imepanda chini ya 2. Kipimo ambacho wengi hulenga saa mbili baada ya kuanza kula ni chini ya 10. Anauliza kama ina maana embe sasa ni ruhusa. Namjibu kwamba tumepima sahani moja, ya asubuhi moja. Kwa watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili mwili hupambana na sukari vibaya zaidi asubuhi, kwa hiyo hii ni dalili njema, lakini jioni itapimwa kivyake. Tunapanga aijaribu kwa wali: kikombe kimoja badala ya viwili, akiondoa tena theluthi yake ili kuipisha embe la gramu 100, na maharage au samaki na mboga zianze. Akiweza kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula, atembee, maana misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Saa saba mchana

Nakula haraka. Simu mbili, zote kuhusu embe lililokaushwa. Jibu langu ni fupi: maji yametoka, sukari imebaki, na kiganja kimoja chake kinaweza kuwa na wanga mwingi kuliko bakuli la embe bivu lisilokaushwa. Pima kwa mizani au liache.

Saa tisa alasiri

Mzee mmoja ambaye figo zake zimedhoofika. Amesoma mahali kwamba ndizi ni salama kwa kisukari ikiliwa nusu, na kwa upande wa sukari ni kweli. Lakini ndizi ina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka zinaweza kushindwa kuitoa, jambo linaloweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwake sipangi tunda lolote kabla ya kuona majibu ya damu yake. Majibu hayajafika, kwa hiyo nampigia daktari wake, na ndizi zinasubiri.

Saa kumi na nusu

Kabla ya kufunga naandika karatasi ya mama. Embe mara moja kwa siku, gramu 100, baada ya mlo wenye protini, na wanga mwingine upunguzwe. Mikono ioshwe kabla ya kila kipimo. Kama kipimo cha kabla ya mlo kimeshapita 10, embe lingoje siku nyingine. Daftarini kuna safu nne mpya nilizomchorea: kabla ya kula, nilichokula chote, saa ya tonge la kwanza, na saa mbili baadaye. Safu ya pili ndiyo niliyoifanya pana kuliko zote, ili wali nao upate mahali pa kuandikwa.