Nilivyoandika malengo ya ngeli yanayopimika darasani

Azimio la kazi nililorithi nilipopewa somo la Kiswahili kwenye darasa lenye wanafunzi zaidi ya 70 lilikuwa na mstari huu chini ya mada ya ngeli za nomino: "Mwanafunzi aelewe ngeli za nomino na matumizi yake." Safu ya vitendo vya ujifunzaji ilisema wanafunzi wajadili ngeli katika vikundi. Safu ya upimaji ilisema: "Taja ngeli tano za nomino na utoe mfano wa kila moja."

Jaribio hilo wanafunzi walikuwa wanalifaulu bila shida. Ngeli wanazikariri kama wimbo: A-WA, LI-YA, KI-VI, U-I, I-ZI. Ukifungua daftari la insha la mwanafunzi yuleyule unakuta "viatu yangu zimepotea". Kwa hiyo tatizo halikuwa uvivu wa mtu yeyote. Lengo lilizungumzia matumizi, jaribio likapima kumbukumbu, na majadiliano ya vikundi hayakumfundisha mtu kupatanisha viatu na chochote.

Muhtasari si mali yangu kuubadilisha. Ninachoweza kubadilisha ni namna ninavyouvunja kwenye azimio na andalio la somo, nami niliamua kuanzia mwisho: nitampa mwanafunzi kazi gani, na akiifanya vipi nitakubali kwamba ameweza? Lengo nililiandika baada ya kupata jibu.

Kwanza nilikusanya makosa yenyewe. Nilipitia madaftari ya insha na kunakili sentensi zenye upatanisho mbovu. Ziligawanyika zenyewe. Kulikuwa na makosa ya ngeli moja kumezwa na nyingine, hasa I-ZI kuingilia kila mahali: "vitabu zangu", "miti zimeanguka". Kulikuwa na viumbe wanaopatanishwa kwa umbo la jina badala ya uhai wao: "kiboko kimoja kilionekana", wakati ni kiboko mmoja alionekana. Halafu kulikuwa na kosa ambalo sikulitegemea liwe la kawaida kiasi kile, la kitenzi kufuata nomino iliyo jirani badala ya ile inayokitawala. Mwanafunzi anaandika "mipini ya majembe yalikuwa yamevunjika", kwa sababu neno la mwisho kusikika kabla ya kitenzi ni majembe. Huyu anaijua ngeli ya mpini na ya jembe pia. Ukimwambia ataje ngeli zote mbili atakujibu sawasawa. Jaribio la "taja" lisingemkamata kamwe.

Kutokana na makosa hayo nilitunga aya ya upimaji. Ilikuwa habari ya watoto waliotumwa shambani na shangazi yao, na ndani yake nilipanda makosa 10, mawilimawili kwa makundi matano: LI-YA, KI-VI, U-I, I-ZI na viumbe. Baadhi yake niliyaweka kwenye sentensi ambazo nomino mbili zinafuatana. Katikati niliacha sentensi sahihi ambazo zinanuka kosa, kama "kikapu cha mayai kilianguka". Mwanafunzi anayebahatisha ataikimbilia hiyo na kuandika "yalianguka". Bila sentensi za namna hiyo mwanafunzi anajifunza kubadilisha kila anachokiona, na ukisahihisha unadhani anajua.

Hapo ikabidi niamue kosa moja ni nini. "Majembe ya babu zilikuwa zimewekwa nyuma ya mlango" ina vitenzi viwili vilivyokosewa. Je, ni kosa moja au mawili? Niliweka kanuni kwamba tunahesabu kwa nomino inayotawala: nomino moja katika sentensi moja ni kosa moja, hata likijirudia kwenye maneno matatu. Kanuni hiyo niliiandika kwenye andalio kabla ya kuingia darasani, kwa sababu walimu wawili wakisahihisha aya ileile kwa hesabu tofauti, lengo si la kupimika tena hata kama kitenzi chake ni kizuri.

Nasema hivyo kwa sababu walimu wengi tumefundishwa kwamba siri iko kwenye kitenzi. Tunabandika ukutani orodha ya vitenzi vinavyotokana na ngazi za Bloom za mwaka 1956, tunafuta "aelewe" na "ajue", tunaweka "abainishe" au "achambue", na tunahesabu kazi imekwisha. Lakini "abainishe ngeli za nomino" bado inaweza kumaanisha kutaja, kupanga kwenye jedwali au kuwinda makosa kwenye aya. Mimi lililonisaidia zaidi ni pendekezo la Robert Mager la mwaka 1962: lengo liseme mwanafunzi atafanya nini, katika mazingira gani, na kwa kiwango gani. Kitenzi ni sehemu moja tu kati ya hizo tatu.

Rasimu ya kwanza ilisomeka hivi: "Kufikia mwisho wa vipindi viwili, kila mwanafunzi, akipewa aya asiyowahi kuisoma yenye makosa 10 ya upatanisho wa kisarufi, aweze kubaini na kusahihisha angalau makosa 8." Maneno "asiyowahi kuisoma" yana kazi kubwa. Ukitumia aya iliyofanyiwa mazoezi ubaoni, unapima tena kumbukumbu.

Kiwango cha 8 kati ya 10 kilionekana kizuri mpaka nilipokaa nacho. Makosa yako mawilimawili kwa kila kundi. Mwanafunzi asiyejua kabisa ngeli ya U-I anakosa mawili, anapata 8, na mimi naandika kwamba ameweza. Nikarekebisha: angalau 8, na asikose yote mawili ya kundi moja. Pia nilitenganisha kubaini na kusahihisha, kila kimoja na alama yake, jumla 20. Kuna wanaoliona kosa wakaweka kosa lingine mahali pake, na kuna wasioliona lakini ukiwaonyesha wanalirekebisha mara moja. Hao wanahitaji misaada miwili tofauti, na alama moja ya pamoja ingewaficha.

Shughuli za darasani ndizo zilizobaki. Niliandaa zoezi la kubadilisha nomino. Wanafunzi wawiliwawili wanapewa sentensi "Kisu changu kikali kimepotea", kisha wanaweka panga, mundu na nyundo mahali pa kisu: panga langu kali limepotea, mundu wangu mkali umepotea, nyundo yangu kali imepotea. Halafu wanazipeleka zote kwenye wingi. Ni zoezi linalochangamsha, na hapo kwenye "miundu yangu mikali" hubishana sana.

Kabla ya kulifundisha nilimpelekea mwalimu mwenzangu wa idara azimio nikiwa nimefunika safu ya malengo kwa karatasi. Nilimwomba asome shughuli na upimaji tu, aniambie lengo ni lipi.

"Kwenye shughuli naona kutunga sentensi, Mwalimu," akasema. "Kwenye upimaji naona kusahihisha. Unataka lipi?"

Alikuwa amegusa penyewe. Kubadilisha nomino kunamzoeza mwanafunzi kujenga sentensi akiwa tayari anajua nomino ipi inatawala, maana mwalimu ndiye aliyeichagua. Kwenye aya hakuna wa kumchagulia. Kwa hiyo zoezi la visu na mapanga nililibakiza kwenye kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili nikakijenga juu ya kazi moja tu: wanafunzi wanapokea sentensi kutoka kwenye insha zilizopita, zisizo na majina, wanapigia mstari nomino inayotawala, kisha wanachora mshale kutoka kwenye nomino hiyo hadi kila neno linalopaswa kupatana nayo. Mshale unaotoka kwenye "mipini" na kuruka juu ya "majembe" hadi kwenye kitenzi unamwonyesha mwanafunzi kosa lake waziwazi kuliko maelezo yangu yoyote. Zile dakika 10 za mwisho kabla ya jaribio wanafanya hivyo kwenye sentensi ambazo nyingine hazina kosa.

Kusahihisha aya za wanafunzi zaidi ya 70 siku ileile haiwezekani. Wanabadilishana madaftari, majibu yanakwenda ubaoni, kisha naita kosa kwa namba na wanaoshika daftari lililolipata wananyoosha mikono. Idadi naiandika ubaoni kwa makundi. Hapo naona kundi lipi limeangusha wengi kabla hata kengele haijalia. Mikono huwa haisemi kweli yote, kwa hiyo nakusanya madaftari ya safu moja ya madawati na kuyasahihisha mwenyewe. Hesabu zikipishana sana, nayapitia yote.

Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, LI-YA na KI-VI zilikuwa salama. Kundi la viumbe lilikuwa na kubaini kuchache lakini kila aliyebaini alisahihisha vizuri. Maana yake walijua kwamba kiboko anachukua A-WA. Ila wakisoma haraka, "ki" ya mwanzo inawadanganya. Hiyo haihitaji kufundisha ngeli upya, inahitaji kusoma kwa uangalifu, nami nikaweka majina ya viumbe kama kipepeo, kifaru na kijana kwenye mazoezi mafupi ya kuanzia kipindi.

Aya ya makosa ina mpaka wake. Mtu anaweza kuwa mwindaji mzuri wa makosa ya wenzake na akaendelea kuandika yake. Umahiri unaotakiwa na muhtasari ni wa kutumia lugha, kwa hiyo niliongeza lengo la pili la insha ya maneno 150 isiyozidi makosa matatu ya upatanisho. Nalo lilikuwa na tundu. Mada ya kwanza iliyonijia ilikuwa "Rafiki yangu", na insha ya rafiki inaandikika mwanzo hadi mwisho kwa A-WA: alikuja, akasema, tulicheza, anapenda. Mwanafunzi anatimiza lengo bila kugusa ngeli zinazomshinda.

Nikabadili mada iwe "Vifaa vya jikoni kwetu na kazi zake". Hapo hana pa kukimbilia. Lazima ataje mwiko, sufuria, mafiga, kinu, vijiko na majiko, na kila kimoja kinadai upatanisho wake. Kwenye lengo niliongeza sharti kwamba atumie nomino zisizopungua sita nje ya A-WA. Mwalimu mwenzangu aliona sharti hilo linabana ubunifu, na kwa insha ya mtihani wa muhula nakubaliana naye, kwa hiyo huko silitumii. Kwa insha hii ya kupima upatanisho nimelibakiza, na maudhui siyapi alama hata moja. Wanafunzi nawaambia hivyo kabla hawajashika kalamu.