Siku moja kazini: sindano ya kisonono, Kadutu

Saa moja na nusu asubuhi. Nimefika sentre, nahesabu flakoni za seftriakisoni, ndiyo sindano yenyewe ya kisonono, zetu ni za gramu 1, na lidokaini ya ganzi pia ipo.

Saa tatu. Kaingia kijana motari, anakaa upande upande. "Doktere, mkojo unaniunguza, na usaha unatoka." Mimi ni infirmie lakini hapa Bukavu wengi wanatuita hivyo. Namuuliza umeshakunywa nini, kumbe alinunua sipro kwa farmasi, usaha ukapungua siku mbili akadhani amepona, sasa umerudi. Inaniuma kila nikisikia hii, juu sipro ilikuwa dawa nzuri kabisa, lakini kijidudu cha kisonono kimebadilisha pale ambapo dawa inajishikiza, basi dawa inapita tu. Marekani waliacha kuipendekeza tangu 2007. Penisilini ilishaenda zamani, sefiksimu ya kumeza nayo ikaanza kulegea, sasa tunategemea hii sindano, na Japani wameshaona kisonono kinachoishinda hata hii. Ndiyo maana dozi inapanda: 2016 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema miligramu 250 pamoja na azitromisini, halafu 2020 Marekani wakapandisha hadi 500 na azitromisini wakaiacha, juu nayo vijidudu vilikuwa vinaizoea. Daktari wetu ameandika 500.

Nauliza kwanza kama penisilini au lidokaini zilishawahi kumvimbisha au kumkata pumzi, hapana. Nachanganya gramu 1 na mililita 3.6 za lidokaini, navuta mililita 2, ndiyo 500 zake, nachoma ndani kabisa ya nyama ya tako, polepole, juu inauma. Ile yenye lidokaini haiingii kwa mshipa hata siku moja, inaweza kusumbua moyo. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, hatuna kipimo chake, kwa hiyo anaongezewa doksi, yaani doksisikilini, kidonge cha 100 asubuhi na jioni siku 7.

Saa nne. Hapa ndipo pagumu. "Kaka, miezi miwili hii umelala na nani?" Kanyamaza sana. Bibi yake, ana mimba ya miezi tano, na mwingine wa Nyawera. Bibi hasikii kitu chochote, na wanawake wengi ni hivyo, ila mtoto akipita kwenye usaha ule wakati wa kuzaliwa macho yake yanaweza kupofuka. Na akitibiwa peke yake, usiku uleule wataambukizana tena, halafu atakuja kusema sindano ilikuwa mbovu.

Saa nane mama kaja na bwana yake. Sindano ileile, haina shida kwa mimba, ila doksi hapana, yeye nampa azitromisini gramu 1 kwa ajili ya ile klamidia. Siku 7 bila kulala pamoja, zihesabiwe toka wa mwisho kutibiwa.

Saa kumi. Kijana kampigia wa Nyawera mbele yangu, atakuja kesho asubuhi. Nimemwambia, siku 5 zikipita usaha bado unatoka na hukulala na mtu, usiende farmasi, rudi hapa tuchukue ule usaha tuupeleke maabara wauoteshe, tujue dawa gani bado inauua.