Kulanti inapungua lakini chini pakavu: nilivyoufuata mvujo wa ndani kwa presha na moshi

Gari ninalolielezea lilikuwa na injini ya petroli ya silinda 4, hedi ya aluminiamu. Kila baada ya kilomita kama 500 nililazimika kuongeza nusu lita ya kulanti, kimiminika cha kupozea injini. Sakafu pakavu, geji ya joto imetulia katikati, oili safi kwenye kijiti. Dalili pekee iliyobaki ilitokea asubuhi: injini ikiwashwa ilitikisika kwa sekunde chache kama inayokosa silinda moja, kisha ikakaa sawa na haikurudia tena mpaka kesho yake.

Watu wengi hufika hapo wakatazama bomba la moshi, wasione moshi mweupe, wakahitimisha kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ni nzima. Hesabu inakataa. Petroli ikiungua hutoa maji, na lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji yanayotoka kama mvuke. Gari linalotumia lita 40 kwa kilomita 500 limeshatoa karibu lita 40 za maji kupitia eksozi. Nusu lita ya kulanti ikijumlishwa humo ni sehemu moja kati ya themanini, na hakuna jicho linaloweza kuiona. Kwa hiyo kutoona moshi hakuthibitishi kitu, na vilevile matone yanayodondoka kwenye eksozi asubuhi hayathibitishi kwamba gasketi imeungua.

Moshi una maana ukitazamwa kwa wakati wake. Wakati wa kwanza ni pale injini inapowashwa baada ya kulala usiku kucha. Mvuke wa kawaida hutoka taratibu na kwa kiasi kilekile. Mvuke wa kulanti iliyokusanyika ndani ya silinda hutoka kwa mkupuo mmoja mzito, papo hapo injini inapotikisika, kisha hupungua. Wakati wa pili ni baada ya injini kupata joto lake kamili na bomba zima la eksozi kukauka, tuseme dakika 15 za kuendesha. Mvuke wa kawaida hapo umekwisha, isipokuwa kwenye baridi kali. Wingu jeupe linaloendelea, linaloning'inia hewani na lenye harufu tamutamu, ni kulanti. Kwenye injini ya dizeli kuna moshi mweupe wa aina nyingine, wa mafuta ambayo hayajaungua, na huo huwasha macho na kunuka dizeli.

Kabla ya kuilaumu hedi nilianza na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliochoka huachia presha mapema, kulanti ikasukumwa kwenye tangi la akiba na kutoka kama mvuke barabarani, na ukiegesha huoni tone. Pampu ya kupimia presha huja na adapta ya kuupima mfuniko wenyewe. Wangu umeandikwa 1.1, yaani bari 1.1, ambazo ni kama pauni 16 kwa inchi ya mraba. Uliachia karibu na kiwango hicho, kwa hiyo ulikuwa mzima. Nikaangalia pia tundu la kutolea mvujo la wota pampu na maungio ya mipira, maana mvujo mdogo juu ya chuma cha moto hukauka kabla haujadondoka na kuacha ukoko wa rangi ya kulanti. Mwisho nikapapasa zulia la upande wa abiria, kwa sababu hita inayovuja hulowesha hapo na kuacha utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele.

Kisha presha. Injini iwe imepoa kabisa, na hilo si kwa ajili ya usalama wa mikono tu. Injini yenye uvuguvugu inaendelea kupoa wakati unapima, kulanti inasinyaa, na sindano inashuka bila mvujo wowote. Jaza rejeta hadi juu ili kusibaki hewa nyingi, funga adapta mahali pa mfuniko, pampu taratibu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko na usizidishe, kwa sababu rejeta na kiini cha hita havikutengenezwa kubeba zaidi. Sindano itashuka kidogo mwanzoni kwa kuwa mipira inatanuka. Rudisha hadi 1.1, ndipo uanze kuhesabu dakika 20.

Kwenye gari hili sindano haikusogea kwa jicho katika dakika hizo 20. Hapa ndipo mafundi wengi hufunga kazi, na hapa ndipo mvujo mdogo hujificha. Nusu lita kwa kilomita 500 ni mvujo wa tone moja moja, na tone moja halishushi presha kiasi cha kuonekana upesi. Inabidi kuupa muda. Niliacha pampu imefungwa usiku kucha, baada ya kuhakikisha kwamba pampu yenyewe na adapta yake hazivuji. Asubuhi ilisoma 0.8. Sehemu ndogo ya kushuka huko inaweza kuletwa na baridi ya usiku, lakini siyo yote, na chini bado palikuwa pakavu.

Ukiacha presha namna hiyo, usithubutu kupiga starta kabla ya kutoa plagi zote. Maji hayashindiliki. Pistoni ikipanda na kukuta silinda ina maji, konrodi hupinda, na tatizo la gasketi linageuka kuwa tatizo la injini nzima.

Nilichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, nikatoa plagi na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda zao. Plagi ya 1, 2 na 4 zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Ya 3 ilikuwa nyeupe, kaure yake safi kama imetoka dukani, kwa sababu mvuke huondoa masizi. Kamera ndogo ya waya ilionyesha jambo hilohilo ndani: vichwa vya pistoni tatu vilifunikwa na masizi makavu, na kichwa cha pistoni ya 3 kiling'aa upande mmoja, upande ulio karibu na silinda ya 2, huku unyevu ukimetameta pembeni. Nikaweka kitambaa cheupe juu ya matundu ya plagi, nikasimama pembeni, mwenzangu akazungusha starta kwa sekunde mbili tatu. Tundu la 3 lilipuliza ukungu na kitambaa kikapata madoa ya rangi ya kulanti. Matundu mengine yalitoa hewa kavu.

Utaratibu huu wa usiku unafanya kazi kwa sababu ya jinsi presha inavyogeuka upande. Injini ikifanya kazi, mlipuko ndani ya silinda hufikia makumi ya bari wakati njia za maji zina bari moja tu, kwa hiyo gesi ndiyo husukumwa kuingia kwenye maji. Injini ikizimwa, silinda haina presha lakini njia za maji zinabaki zimejaa presha kwa muda mrefu, na kulanti ndiyo hurudi ndani kupitia mwanya uleule. Hiyo ndiyo sababu ya mtikisiko wa asubuhi: silinda moja imeamka na maji kwenye plagi yake.

Gesi inayoingia kwenye maji hupimwa kwa kimiminika cha buluu. Ni kichupa unachokaza kwenye mdomo wa rejeta na kuvuta kwa mpira hewa iliyo juu ya kulanti. Kabonidayoksaidi ikiwepo, buluu huwa kijani na mwisho njano. Punguza kulanti sentimita kadhaa chini ya mdomo, kwa sababu ikinyonywa ndani ya kichupa inaharibu kimiminika na huwezi kuamini rangi tena. Ufunguo wake ni joto: kaza kichupa injini ikiwa bado baridi, iwashe, subiri thermostati ifunguke, kisha vuta kwa dakika moja au mbili. Fanyia mahali pa wazi, kwani moshi wa eksozi uliojaa chumbani unaweza kukupa njano ya uongo. Kwangu rangi ilifika kijani tu. Kijani ni jibu tayari kwa mvujo mdogo. Ila kama ingebaki buluu, nisingeifuta silinda ya 3 kwenye orodha, kwa maana zipo nyufa zinazopitisha maji kwenda ndani na zisipitishe gesi ya kutosha kurudi.

Ili kuwa na uhakika kabla ya kufungua hedi, niliipa silinda ya 3 hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefunga. Weka gia na breki ya mkono, la sivyo hewa itazungusha injini. Mdomo wa rejeta ukiwa wazi, mapovu madogo yalianza kupanda, moja moja, kisha mfululizo. Silinda nyingine hazikutoa povu.

Oili safi isikuhadae. Gasketi inaweza kuungua kati ya chemba ya moto na njia ya maji bila kugusa njia ya oili hata kidogo. Kinyume chake, uji mweupe chini ya mfuniko wa oili pekee mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Kwa dizeli yenye kipozeo cha gesi ya eksozi, kitoe na ukipime chenyewe kabla ya kugusa hedi. Kikipasuka hupeleka kulanti kwenye njia ya hewa na kuleta dalili zilezile, na mapovu kwenye rejeta pia.

Hedi ilipotoka, pete ya chuma ya gasketi kati ya silinda ya 3 na njia ya maji ilikuwa na mstari mwembamba uliooshwa safi. Niliweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi na kupitisha chini yake fila geji, bamba jembamba la kupimia nafasi. Kiwango cha mtengenezaji kilikuwa milimita 0.05, na kati ya silinda ya 2 na 3 ilipita 0.08. Ndiyo maana kubadilisha gasketi pekee kusingedumu. Hedi ilipimwa nyufa kwa hewa ndani ya maji ya moto, haikuwa na ufa, kisha ikapigwa fesi, yaani uso wake ukasawazishwa kwa mashine. Boliti zilikuwa za aina inayovutika zikikazwa, isiyofaa kurudiwa, kwa hiyo nikaweka mpya. Matundu yake kwenye bloku lazima yakaushwe hadi chini. Kulanti ikibaki humo, boliti inaisukuma, toki renchi inayopima ukazo inasoma uongo, na bloku yenyewe inaweza kupasuka.

Baada ya kujaza na kutoa hewa nilirudia vipimo vilevile: 1.1 usiku kucha, kisha kimiminika kipya cha buluu injini ikiwa na joto. Sindano ilishuka kwa kiasi kidogo kinacholingana na baridi ya usiku, na buluu ikabaki buluu. Nikabandika utepe kwenye tangi la akiba mahali kulanti ilipoishia injini ikiwa baridi. Katika safari za kwanza kiwango kilishuka kidogo kwa hewa iliyokuwa imenaswa, nikaongeza mara moja, na baada ya hapo hakikutoka kwenye utepe.