Kupima kama unga wetu wa uji unakumbukwa, wakati mauzo hayaonekani

Unga wetu wa uji wa wimbi na soya unatoka kiwandani kwa katoni, unashukia Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, na hapo ndipo tunapoupoteza. Mwenye duka la jumla analipa na kupewa risiti ya EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, kisha katoni zinapanda boda na taksi kwenda Wakiso, Mukono, Masaka na kwingineko. Duka la mtaani linauza kwa pesa taslimu, haliandiki popote. Kwa hiyo tulipolipia matangazo ya redio na video za TikTok kwa miezi 3, hapakuwa na namna ya kusema katoni hii imenunuliwa kwa ajili ya tangazo lile. Hata Kikuubo wakiagiza zaidi, huenda wanajaza stoo tu kabla ya Ramadhani. Kilichobaki kupimika ni kama jina limeingia vichwani mwa watu. Hapa nitaliita Kasana. Si jina lake halisi, ila lina matatizo yaleyale, kama utakavyoona.

Kwanza ilibidi tutenganishe mambo mawili ambayo ripoti nyingi huyachanganya. Mtu anaweza kulikumbuka jina mwenyewe, bila kudokezwa, au anaweza kulitambua tu akitajiwa. Vipimo vya kawaida vya mitandao havionyeshi hata kimoja. Idadi ya waliofikiwa inasema posti ilipita kwenye skrini zao. Ile `Estimated ad recall lift` inayotokea kwenye matangazo ya Facebook ni makadirio ya kompyuta ya Meta, si hesabu ya majibu ya watu walioliona tangazo lako. Kupenda posti yetu hakusemi lolote, maana jina letu limeandikwa juu yake.

Lakini kuna mahali watu hupimana kumbukumbu wenyewe kila siku bila kujua. Ni kwenye makundi ya kina mama ya Facebook, pale mmoja anapouliza: "Banange, unga gani wa uji unafaa mtoto wa miezi 8?" Hilo ni swali la dodoso kabisa, na limeulizwa na mtu asiyelipwa na yeyote. Kazi yetu ikawa kuhesabu majibu yake.

Tuliomba ruhusa kwa wasimamizi wa makundi 6, tukakubaliana kwamba hatuandiki jina la mtu. Ndani ya kila kundi tulitafuta kwa maneno `porridge`, `obuugi`, `bushera` na `uji`, tukachukua maswali ya miezi 3 kabla ya kampeni na miezi 3 baada ya kuanza. Swali lililotaja chapa yoyote, au lililokuja na picha ya paketi, tuliliacha, kwa sababu limeshadokeza. Posti za bahati nasibu nazo tuliziacha.

Kabla ya kuhesabu, badilisha mpangilio wa komenti uwe `All comments`. Ukiacha ule wa kawaida, Facebook inakupa zile inazoona zinafaa, nyingine inazificha, na utahesabu uteuzi wa Facebook badala ya majibu ya watu.

Kila mtu tulimhesabu mara moja, kwa chapa aliyoitaja kwanza, na kwa komenti iliyojibu swali lenyewe tu. Anayeandika "hata mimi" chini ya komenti ya mwenzake hajakumbuka, ametambua, na hilo ni jambo jingine. Bado aliyechelewa kujibu huwa ameona majina ya waliomtangulia. Njia yetu ya kulichunguza hilo ilikuwa kulinganisha komenti 5 za kwanza za kila swali na zinazofuata. Jina likiwa dogo mwanzoni na kubwa mwishoni, ujue linaigwa. Letu lilikuwa karibu sawa pande zote mbili, tukaendelea.

Jina lenyewe ndilo lililotusumbua zaidi. Kasana ni mji wa Luweero, ni jina la ukoo, na kwa Kiganda akasana ni kajua. Utafutaji wa jumla kwenye X ulituletea matanga, mechi na hali ya hewa. Ndani ya swali la uji tatizo hilo linaisha lenyewe, kwa sababu hakuna anayemlisha mtoto mji wa Luweero, na hii ni sababu nyingine ya kuacha kuhesabu kutajwa kwa ujumla. Tahajia nazo tuliziorodhesha, Kasana, Kasaana, Kassana, na zote tukaziandika Kasana.

Kisha yakaja majibu ambayo hatukuyategemea: "akaveera aka kyenvu", yaani ule wa mfuko wa njano. Mwenzangu aliyahesabu kama yetu, mimi sikuyahesabu, na tulipopitia komenti 50 zilezile kila mtu peke yake tukatofautiana kwenye 11, nyingi zikiwa hizo. Mwishowe tuliyapa safu yake: paketi bila jina. Hatukuyachanganya na jina, kwa sababu kuna unga mwingine wenye mfuko wa rangi inayokaribia yetu. Lakini hatukuyatupa pia, kwani dukani mama ananyoosha kidole kwenye rafu, hasomi.

Jedwali lilikuwa na safu saba tu: namba ya swali, tarehe, nafasi ya komenti, chapa ya kwanza, alama ya mashaka, kipindi, na paketi bila jina. Fungu letu kwa kipindi cha baada ya kampeni lilitoka hivi, safu F ikiwa kipindi na D ikiwa chapa:

```
=COUNTIFS(F:F,"baada",D:D,"Kasana")/COUNTIFS(F:F,"baada",D:D,"<>")
```

Tunatumia fungu, si idadi, kwa sababu shule zikifungua au Ramadhani ikikaribia maswali ya uji yanafurika na kila chapa inaonekana imepanda.

Mwezi wa kwanza nusura tujidanganye. Kabla ya kampeni tulikuwa na majibu 62 yenye jina, na sisi tulitajwa mara 9. Baadaye tukapata 70, tukatajwa mara 15. Kutoka asilimia 14.5 hadi 21.4, na bosi alitaka ipelekwe kwenye mkutano siku hiyohiyo. Kadirio la haraka la kiasi namba inavyoweza kuyumba yenyewe ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majibu. Kwa majibu 62 ni karibu pointi 13 kila upande, na sisi tulikuwa tunashangilia pointi 7. Ukifika majibu 400 yumbo linashuka hadi pointi 5 hivi, na kwa fungu dogo kama letu linakuwa dogo zaidi ya hapo. Ndiyo maana tulichukua miezi 3 kila upande.

Namba za miezi 3 zilisimama hivi: kabla, mara 48 kati ya majibu 389, sawa na asilimia 12.3. Baada, mara 83 kati ya 407, asilimia 20.4. Ongezeko hilo lilionekana safi mno, kwa hiyo tukarudia komenti 83 moja moja. Kumi na nne zilikuwa za mawakala wetu wa mauzo. Hakuna aliyewatuma, walikuwa wakitafuta wateja, na wengine walikuwa wamebandika namba ya simu na bei ya katoni. Tukiwaondoa tunabaki na 69 kati ya 393, asilimia 17.6. Ongezeko la pointi 5 bado linazidi yumbo, ila kwa kidogo tu, na tuliripoti hivyo hivyo. Ukipima chapa yenye mawakala, anza na orodha ya akaunti zao kabla hujahesabu chochote.

Kuhusu mahali watu walipo, usiamini ramani za Facebook hapa kwetu. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, watu wakahamia VPN, na tangu hapo takwimu za ukurasa zinaweza kumweka mama wa Kawempe Uholanzi. Tulitaka kujua kama Mbarara, ambako redio ilipiga tangazo zaidi, pamepanda kuliko Mbale. Tulichoweza kutumia ni lugha ya komenti na jina la mtaa au soko lililotajwa. Chini ya theluthi moja ya majibu yalikuwa na dalili hiyo, hayakutosha kulinganisha miji, tukaiacha hoja hiyo.

Kutambua tulikupima kando, kwa WhatsApp, kwa wazazi wa madarasa ya chekechea ambao hawafuati kurasa zetu. Wafuasi wetu hawafai, wameshatujua. Ujumbe wa kwanza uliuliza tu: "Taja unga wa uji unaoujua." Orodha ya majina ilikuja kwenye ujumbe wa pili, baada ya kujibiwa wa kwanza, kwa sababu aliyekwisha kuona orodha huwezi tena kumuuliza anakumbuka nini. Ndani ya orodha tuliweka jina moja la kubuni. Jina la kwanza tulilobuni tulilikuta Kikuubo kwenye paketi za chumvi, kwa hiyo zunguka madukani kwanza.

Walijibu 150. Waliosema wanaijua Kasana walikuwa 63, asilimia 42. Waliosema wanaujua unga ambao haupo walikuwa 18, asilimia 12. Hawa si waongo, mtu hapendi kuonekana hajui. Lakini wanakuonyesha kwamba katika 42 yako wamo waliobahatisha. Masahihisho ni kutoa hao na kugawanya kwa waliobaki:

```
(42 - 12) / (100 - 12) = 0.34
```

Asilimia 34, basi. Swali la wazi kwa watu walewale lilitupa asilimia 16, karibu na 17.6 ya makundi. Njia mbili tofauti zilipokaribiana hivyo ndipo nilipoanza kuiamini hesabu ya komenti.

Namba hizi hazisemi nani alinunua, na hazimgusi mama anayesikiliza redio bila simu ya intaneti, ambaye huenda ndiye mteja wetu mkubwa. Zilichoonyesha ni kwamba nusu ya wanaotutambua hawatukumbuki wenyewe, huku safu ya "paketi bila jina" ikiwa imefika majibu 52. Tangazo la redio lililofuata lilianza na mfuko wa njano, jina likaja baadaye, na sasa tunahesabu ni wangapi kati ya wanaotaja mfuko wanataja na jina katika komenti hiyohiyo.